Picha Juu, Maandishi Chini

Kaka yangu ana duka la vifaa vya ujenzi, na Jumamosi mimi humsaidia kuweka hesabu. Kwa miaka mingi risiti zake zilikaa kwenye boksi la viatu juu ya kabati. Siku moja tukaamua kuachana na boksi hilo. Tulizipiga picha risiti zote kwa simu, moja baada ya nyingine, zikawa PDF zaidi ya mia mbili, kingo zimenyooka na karatasi inang'aa. Miezi michache baadaye alihitaji risiti moja ya saruji. Nikaandika `saruji` kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakikuja kitu. Nikajaribu `cement`, maana mashine nyingi za risiti huandikwa Kiingereza. Kimya. Tukaishia kufungua faili moja moja, kazi ile ile ya kuchakura boksi, ila sasa tunachakura kwa kidole kwenye kioo.

Tulichokuwa nacho ni picha mia mbili zilizovishwa vazi la PDF. Hakuna hata herufi moja iliyokuwemo ndani yake. Watu wengi wenye apu za kuskani wako hapo tulipokuwa bila kujua, kwa sababu kwa macho faili yenye maandishi na faili isiyo nayo zinafanana kabisa.

PDF inayotafutika ina matabaka mawili. La juu ni picha ya karatasi kama kamera ilivyoiona. La chini ni maandishi ambayo programu ya kutambua herufi imeyasoma kutoka kwenye picha ile, kisha kila neno likawekwa mahali pake hasa, chini ya neno lililopo pichani. Herufi hizo hazipakwi wino. Ndani ya faili kuna amri fupi, `3 Tr`, inayosema maandishi yawepo lakini yasionekane. Ukiburuza kidole juu ya neno, unachokishika si ile picha, ni hilo neno lililofichwa. Ukitafuta, kompyuta haiitazami picha hata kidogo, inasoma tabaka la chini peke yake.

Kwa hiyo inawezekana macho yako yasome kitu kimoja na kompyuta isome kingine, na faili isikuonye. Mambo mengi yanayoharibika katika kazi hii yanatokana na hapo.

Zamani jaribio lilikuwa rahisi. Ulibonyeza neno kwa muda mrefu, likikamatika ulijua maandishi yamo. Siku hizi jaribio hilo linadanganya. Tangu iOS 15 ya mwaka 2021, iPhone husoma yenyewe maandishi yaliyomo kwenye picha yoyote, na simu nyingi za Android zina uwezo unaofanana na huo. Unaweza kunakili neno kutoka kwenye faili isiyo na tabaka la maandishi, kwa sababu ni simu iliyosoma papo hapo kwa ajili yako. Ukiituma kwa mhasibu, kwake ni picha tupu. Ipo pia huduma inayosoma karatasi zako kwenye seva yake ili uweze kutafuta ukiwa ndani ya akaunti yako, ila faili ukiishusha inatoka bila maandishi yale. Jaribio la kweli ni kulitoa tabaka la chini na kulitazama lenyewe. Kwenye kompyuta yenye Linaksi amri ni moja:

```
pdftotext risiti.pdf -
```

Kikitoka kitu tupu, una picha. Yakitoka maandishi, yasome. Hapo ndipo utakapoona mashine yako inaona nini hasa. Asiye na Linaksi afungue faili kwenye kisomaji cha kawaida cha PDF cha kompyuta, achague yote, anakili, abandike kwenye faili tupu ya maandishi. Jibu ni lile lile, ilimradi kisomaji hicho nacho hakisomi picha chenyewe.

Tuanze na risiti, kwa sababu ndiyo karatasi ngumu kuliko zote na ndiyo watu huichukulia kwa wepesi.

Risiti ya mashine ya EFD haichapwi kwa wino. Karatasi yenyewe ina kemikali isiyo na rangi ambayo hugeuka nyeusi inapoguswa na joto, na kichwa cha mashine ni safu ya vijoto vidogo. Ndiyo maana risiti iliyosahaulika kwenye dashibodi ya gari juani inarudi imekuwa nyeusi, na ile iliyowekwa kwenye mfuko laini wa plastiki, au kushikwa kwa mikono yenye mafuta, inafifia mpaka inakuwa nyeupe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake miaka 5, na Kenya nao kipindi chao ni hicho hicho. Karatasi ya joto haikutengenezwa kwa umri huo. Risiti ipigwe siku ile ile inapopatikana, maandishi yangali meusi.

Sasa vipimo. Mashine nyingi ndogo hutumia karatasi ya upana wa milimita 58 au 80, na huchapa nukta 8 kwa kila milimita. Herufi ya kawaida ni nukta 24 kwenda juu, yaani milimita 3. Programu za kutambua herufi hufanya kazi vizuri herufi ikiwa na urefu wa pikseli 30 hivi pichani. Ikishuka sana chini ya 20, makosa yanaanza kumiminika. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ukiiweka risiti ya sentimita 40 ijaze fremu kwa urefu, kila milimita inapata pikseli 10, na herufi ya milimita 3 inapata 30. Umefika ukingoni. Ukiacha nafasi juu na chini, kama tunavyofanya sote, unashuka hadi 24 au 25. Risiti ndefu kuliko hiyo, ile ya supamaketi inayofika magotini, haifai kupigwa mara moja. Ipige vipande viwili vinavyopishana kwa mistari mitatu minne, viwe kurasa mbili za faili moja. Haitapendeza kama kipande kirefu kimoja, lakini itasomeka.

Chini ya risiti weka kitu cheusi kisicho na maua. Apu hutafuta kona nne za karatasi kwa kulinganisha weupe wa karatasi na weusi wa pembeni, kisha inainyoosha picha mpaka kona zile ziwe za mstatili. Karatasi nyeupe juu ya kigae cheupe haina kingo za kuonekana. Kanga nayo, pamoja na uzuri wake wote, ina pindo lenye mistari iliyonyooka kuliko risiti iliyojikunja, na nimewahi kuona apu ikikata kwa uhodari mkubwa mji wa kanga na kuiacha risiti nje. Risiti iliyojikunja ilazwe chini ya kitabu usiku kucha. Kunyoosha kona kunarekebisha karatasi iliyopigwa kwa pembeni, hakurekebishi karatasi iliyobinuka, na mistari iliyobinuka ndiyo inayofanya kiasi cha fedha cha mstari mmoja kisomwe pamoja na jina la bidhaa ya mstari mwingine.

Halafu kuna kichujio. Apu karibu zote hutoa namna tatu: rangi, kijivu, na nyeusi-nyeupe. Hii ya mwisho inavutia kwa sababu faili inakuwa ndogo sana na karatasi inatoka safi. Lakini ili kuipata, programu inaamulia kila pikseli moja: wewe ni mweusi au mweupe. Maandishi hafifu ya karatasi ya joto yako katikati kabisa, na uamuzi huo huyala. Namba 8 inapoteza upande wake wa kushoto inakuwa 3. Namba 6 inaziba tundu. Na ukishahifadhi hivyo, hakuna pa kurudi, habari imetupwa. Risiti ipigwe kwa kijivu.

Hebu tuichukue risiti ile ya saruji, kwani hatimaye tuliipata na kuisomesha upya. Mifuko 20 kwa shilingi 17,000 ni 340,000. Ndani yake, kwa VAT ya asilimia 18, bei bila kodi ni 288,135.59 na kodi ni 51,864.41. Picha yetu ya nyeusi-nyeupe ilipopitishwa kwenye programu ya kutambua herufi, tabaka la chini likaandika bei bila kodi kuwa 283,135.59. Tarakimu moja tu, 8 imekuwa 3. Kwa bahati mbaya jumla kuu ilikuwa kwenye mkunjo na haikusomeka, kwa hiyo mtu angejumlisha mwenyewe: 283,135.59 na 51,864.41 ni 335,000.00 kamili. Tazama ubaya wake. Kosa limezaa namba ya mviringo, namba inayofanana na bei ya kweli. Angekuja nayo mhasibu mwenye haraka, ingepita.

Kilichotuokoa ni kwamba risiti ya kodi ina hesabu ndani yake inayoweza kuihukumu. Asilimia 18 ya 283,135.59 ni 50,964.41, na karatasi inasema 51,864.41. Hazikubaliani, basi mojawapo imesomwa vibaya. Hesabu hii inachukua nusu dakika kwa kikokotoo cha simu, na sijui apu ya bure inayokufanyia. Risiti za EFD za Tanzania zina pia msimbo wa uhakiki ambao unaweza kuuingiza kwenye `verify.tra.go.tz` na kuona kumbukumbu iliyofika mamlaka ya mapato. Kwa maana hiyo, herufi zilizo muhimu kuliko zote kwenye risiti ni zile za msimbo huo pamoja na tarehe na saa. Bei ikifutika utaipata huko. Msimbo ukifutika umebaki na karatasi isiyo na ushahidi. Kabla hujaifunga apu, kuza picha uutazame msimbo peke yake.

Wapo watakaosema ni makosa ya simu za bei nafuu. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta, aligundua kuwa mashine kubwa za ofisini za Xerox zilikuwa zikibadilisha namba kwenye nakala. Aliskani ramani ya jengo, na vipimo vya vyumba vikatoka vimebadilika. Kwenye nyaraka nyingine 6 ikawa 8. Hapa kosa halikuwa kwenye kutambua herufi. Njia ya kubana picha iitwayo JBIG2 hutafuta vipande vinavyofanana kwenye ukurasa na kuhifadhi kimoja badala ya vyote, na mashine iliziona 6 na 8 zinafanana vya kutosha. Ubaya wake ulizidi wa kwetu, kwa sababu tabaka la juu lenyewe lilidanganya, kwa herufi safi zisizo na waa. Karatasi iliyofifia angalau inakiri kuwa imefifia.

Kitambulisho hakina taabu hizo. Kadi ni ngumu, haijikunji, ina kipimo kimoja duniani kote, milimita 85.6 kwa 54 hivi, na wino wake haufifii haraka. Taabu yake ni mng'ao. Taa ya simu ikipiga kwenye plastiki inaacha doa jeupe, na doa hilo hupenda kukaa juu ya namba. Zima taa, nenda dirishani, lipe jua mgongo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye kadi: mwaka, mwezi, siku. Ukinakili namba kutoka tabaka la chini, linganisha nane hizo na tarehe iliyochapwa kwenye kadi, na uhesabu kama zimetimia 20. Tarakimu zinazobaki huna cha kuzipimia ila macho. Pasipoti ni bora zaidi kwa hili, maana mistari miwili ya chini yenye herufi 44 kila mmoja imebeba tarakimu za uhakiki ambazo mashine hukokotoa na kugundua kama kuna iliyosomwa vibaya.

Lakini kwenye kitambulisho tabaka la chini linaleta hatari ya namna nyingine. Watu wenye tahadhari huficha namba kabla ya kutuma: wanafungua PDF, wanachora mstatili mweusi juu ya namba, wanahifadhi. Mstatili umefunika picha. Namba iliyo chini haijaguswa. Anayepokea akichagua yote na kubandika kwingine, namba inatoka yote. Si jambo la kufikirika. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani waraka wenye mistari iliyopakwa weusi, na waandishi wa habari wakaisoma kwa kunakili na kubandika tu. Ukitaka kuficha namba, ifunike kabla ya kuskani, kwa kipande cha karatasi juu ya kadi yenyewe. Au ifiche kwenye picha, kisha ndipo utengeneze PDF. Mstatili uje kabla ya maandishi, kamwe usije baada yake.

Na apu yenyewe inapeleka wapi kitambulisho chako? Swali hili lina historia. CamScanner, ya kampuni ya INTSIG ya Shanghai, ndiyo iliyotufundisha wengi kazi hii. Ule mstari wa `Scanned with CamScanner` umekaa chini ya barua za vijiji, shule na ofisi kiasi kwamba mtu angedhani ni anwani ya serikali. Agosti 2019 watafiti wa Kaspersky walikuta ndani ya toleo lake la Android kipande hasidi chenye uwezo wa kupakua programu nyingine kwa siri. Kilikuwa kimejificha kwenye maktaba ya matangazo iliyotoka kwa mtu wa nje. Google iliiondoa dukani, na toleo lililosafishwa likarudi mwezi uliofuata. Funzo nililolichukua mimi halikuwa kuhusu kampuni ile. Ni kwamba apu ya bure inayoishi kwa matangazo imeweka ndani yake msimbo wa watu ambao hata mtengenezaji hawajui vizuri, na apu hiyo hiyo ndiyo unayoikabidhi pasipoti. Kwa risiti ya saruji sijali. Kwa vitambulisho natumia kiskani kilichokuja na simu, kama kile cha Notes kwenye iPhone, ambacho kipo tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na naichomoa intaneti mpaka nimalize. Apu inayokataa kufanya kazi bila mtandao imekujibu swali lako bila kuulizwa. Na usisahau picha mbichi: apu nyingine huacha nakala kwenye galari, na galari inajipandisha yenyewe kwenye wingu usiku ukiwa umelala.

Karatasi za shule nimezijua kupitia mpwa wangu. Alikuwa anaomba mkopo wa chuo, na mfumo ulitaka cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na fomu iliyosainiwa, vyote PDF, jumla isizidi MB 2. Alivipiga kwa simu, akavituma kwa WhatsApp steshenari ili wamuunganishie. Jioni akanipigia.

"Shikamoo mjomba. Wamesema haisomeki."

"Marahaba. Ni ipi haisomeki?"

"Muhuri. Wanasema hawauoni kabisa."

Makosa yalikuwa mawili na yalisaidiana. La kwanza ni WhatsApp. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, huipunguza hadi pikseli 1600 hivi kwa upande mrefu. Ukurasa wa A4 ni inchi 11.7 kwenda chini, kwa hiyo kila inchi inabaki na pikseli 137, ilhali kipimo kinachopendekezwa kwa kusomesha maandishi ni 300. Picha ya megapikseli 12 ilikuwa nazo 300 na zaidi alipoipiga. Zilipotea njiani kuelekea steshenari. Ingetumwa kama faili, kwa ile alama ya waraka, ingefika kama ilivyo.

La pili ni kichujio kile kile cha nyeusi-nyeupe. Muhuri huwa wa zambarau au buluu hafifu, umegongwa juu ya maandishi meusi. Kichujio kikiamua, sehemu ya muhuri inakuwa nyeupe na kutoweka, na sehemu nyingine inakuwa nyeusi na kuyaziba maandishi yaliyo chini yake. Cheti chenye muhuri kipigwe kwa rangi. Hapo ndipo mpwa wangu aliponiuliza la maana: rangi kwa kurasa sita zitaingiaje kwenye MB 2?

Zinaingia, ukifuata mpangilio. Kurasa sita kwenye MB 2 ni kama KB 340 kila mmoja. Ukurasa wa rangi wenye pikseli 300 kwa inchi mara nyingi unavuka hapo. Ukishushwa hadi 200 kwa inchi huwa unaingia, na macho bado yanasoma bila shida. Ila kushusha kuje mwisho. Kwanza soma maandishi kutoka kwenye picha kamili, ndipo ubane picha. Tabaka la maandishi lenyewe ni kilobaiti chache, halina haja ya kubanwa. Wengi hufanya kinyume, wanabana kwanza, kisha wanashangaa kwa nini namba ya mtihani imesomwa vibaya. Na namba hiyo ni mtego kweli. Namba ya NECTA ya mtahiniwa wa shule huanza na herufi S ikifuatwa na tarakimu nne za kituo, na programu iliyopewa picha dhaifu huigeuza S kuwa 5. Ukitafuta `S0` hutaipata, na hutajua kwa nini. Jambo jingine la kuangalia ni kuunganisha kurasa kwa kupitia kitufe cha kuchapa: njia hiyo wakati mwingine hugeuza kila ukurasa kuwa picha upya na kulifuta tabaka la chini bila taarifa.

Kuhusu maandishi ya mkono, madaftari na maoni ya mwalimu pembeni, sitakawia. Programu za kutambua herufi za chapa huyasoma vibaya, na yaliyoandikwa kwa haraka huyasoma vibaya mno. Piga picha nzuri, ipe faili jina linaloeleweka, basi.

Majina ya faili yana uzito zaidi kwetu sisi tunaoandika Kiswahili, na sababu yake iko kwenye lugha. Kwanza, apu nyingi za kibiashara hazina Kiswahili kwenye orodha ya lugha zinazosoma. Si msiba mkubwa, maana tunatumia herufi za Kilatini zisizo na alama juu wala chini. Lakini programu iliyofundishwa Kiingereza inapokuwa na shaka huegemea maneno inayoyajua. `Jumla` inatoka `Jurnla`, kwa kuwa m na rn zinafanana kwenye chapa mbaya na programu haijui kwamba Jumla ni neno. Alama ya ng' inaanguka. Tiba ipo kwa mwenye kompyuta. Tesseract, programu iliyoanza kwenye maabara za HP miaka ya 1980 na kuachiwa wazi mwaka 2005, ina faili ya Kiswahili, na OCRmyPDF huitumia kuongeza tabaka la maandishi kwenye PDF uliyonayo tayari:

```
sudo apt install ocrmypdf tesseract-ocr-swa
ocrmypdf -l swa+eng --deskew picha.pdf tafutika.pdf
```

Lugha zote mbili zitajwe, kwa sababu karatasi zetu zimechanganya: kichwa cha barua Kiswahili, jedwali Kiingereza. Hivi ndivyo tulivyoziokoa zile PDF mia mbili za kaka, usiku mmoja, bila kupiga upya isipokuwa zilizokuwa za nyeusi-nyeupe.

Pili, na hili sijaona likiandikwa mahali, Kiswahili hubadilisha maneno kuanzia mbele. Visanduku vingi vya kutafutia faili hulinganisha kuanzia mwanzo wa neno, mtindo unaomfaa Mwingereza ambaye mabadiliko yake mengi yako mkiani. Andika `lipa` na mashine italeta lipa na lipana, lakini haitaleta amelipa, yaliyolipwa, wala malipo. Ukiwa ndani ya faili moja, kutafuta kwa Ctrl-F hukuta hata vipande vya katikati ya neno, na hapo unapata shida ya upande wa pili: andika `ada` uone inavyokuletea madarasa na baada. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na tabaka la maandishi lisilo na kosa hata moja na bado asipate karatasi yake. Ndiyo sababu naandika jina la faili kwa nomino zisizobadilika na tarehe inayoanza na mwaka, mfano `2024-03-14_saruji_risiti_340000.pdf`. Kiasi cha fedha kimo kwenye jina makusudi. Nimekiandika mimi kwa macho yangu kutoka kwenye karatasi, kwa hiyo kinaweza kulisuta tabaka la chini likikosea.

Ipi basi ya kutumia? Adobe Scan, iliyotoka 2017, huweka tabaka la maandishi bila malipo, ikiwa na kikomo cha kurasa kwa wasiolipa, na inataka akaunti. Kiskani kilichomo ndani ya Google Drive kinatosha kwa anayehifadhi huko huko. Microsoft Lens ilikuwa nzuri na ya bure tangu 2015, na mwaka 2025 Microsoft ikatangaza kuifunga. Google nayo iliizima apu yake ya Stack mwaka 2023. Sina apu ninayoishikia bendera. Ninachokiangalia ni kimoja: je, faili inatoka nje ya apu ikiwa na matabaka yote mawili, au inabaki mateka ndani yake? Apu ikifa, PDF iliyo kwenye folda yako haina habari na msiba huo.

Boksi la viatu bado liko juu ya kabati. Juzi nililishusha kutafuta ile risiti ya saruji ili nilinganishe tarakimu ile kwa mara ya mwisho. Nilikuwa nimeiweka kwenye kifuko cha plastiki, kwa heshima. Karatasi ilikuwa nyeupe yote, isipokuwa pembeni palipokuwa nje ya kifuko, ambapo 000.00 ya mwisho ilikuwa bado inasomeka.